Wa Kwanza Kuingia Dukani

Shukrani za kwanza Mwanaiddi aliziandika mwenyewe, kwa kalamu, kwenye kipande cha boksi la vitenge, baada ya swala ya alasiri. Aliziandika polepole kama mtu anayechambua mchele, neno moja moja, akirudi nyuma kuangalia kama limekaa sawa. Alipomaliza alimpa mkwewe Sabrina, mke wa mwanawe Farhan, azisome kwa sauti.

Sabrina alikohoa kidogo, akajiweka sawa kwenye stuli.

“‘Uongozi wa duka la Lukmani Vitambaa, Makanyagio, unapenda kuchukua fursa hii adhimu kutoa shukrani za dhati kwa wateja wake wote waliojitokeza katika siku ya ufunguzi. Aidha, uongozi unawaomba waendelee kushirikiana nao kwa moyo huo huo. Imetolewa na uongozi.’”

Akaanza kucheka, akaufunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

“Unacheka nini?” Mwanaiddi aliuliza.

“Mama, uongozi ni nani?”

“Ni mimi.”

“Sasa si useme wewe? Hii mtu akiisoma atadhani kata inatangaza siku ya usafi. Atatafuta fagio.”

Mwanaiddi alijikaza asicheke, akashindwa. Ni kweli maneno yale hakuyatoa kifuani. Aliyatoa kwenye matangazo aliyowahi kuyasikia msikitini na kwenye mikutano ya mtaa, maana yeye aliishia darasa la saba, na alidhani mtu akitaka kuandika kitu kisomwe na watu wengi lazima avae maneno makubwa kama anavyovaa kanzu ya Idi. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mumewe Lukmani alikuwa akizungusha vitambaa kwenye minada, na alipofariki aliacha majora kadhaa, fimbo ya kupimia na jina zuri. Mwanaiddi alikaa eda yake ndani kwa utulivu, akatoka, akatoboa dirisha likawa mlango, akapaka rangi ya kijani. Ijumaa moja asubuhi akasoma dua kizingitini, akafungua.

“Haya, niambie inatakiwaje,” alisema.

“Inatakiwa uongee kama unavyoongea. Kundi letu la kikoba wote wanakujua, Waislamu kwa Wakristo, wa hapa na wa Kakese. Watu wanapenda kutajwa, mama. Ukisema ‘wateja wote’ hakuna anayejiona. Ukisema ‘Simon fundi cherehani alikuja kuchukua bitana’, Simon ataonyesha mtaa mzima. Halafu ukitaja na alichonunua, umetangaza na bidhaa bila watu kujua kama unatangaza.”

“Hapo umesema.”

“Si ndiyo? Sasa, nani aliingia wa kwanza?”

Mwanaiddi aliangalia mlangoni kama vile mtu huyo angali amesimama pale. Kwa mfanyabiashara, anayeingia wa kwanza si mteja tu. Ndiye anayelifungua duka kweli, funguo ni chuma tu. Lukmani alikuwa hamwachi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu, hata kama atashusha bei mpaka roho imuume. Na Mwanaiddi alikuwa amekaa asubuhi ile akihesabu punje za tasbihi, akiomba asije mtu wa kuuliza njia.

“Aliingia Josephina,” alisema. “Mke wa Venant, wa Kakese. Mkwe wa Mama Venant.”

“Alichukua nini?”

“Khanga, doti mbili. Na flana nyeupe ile nyepesi. Na mpira wa kutandika, nikamkatia na nyongeza juu.”

Sabrina aliandika kwenye simu, vidole vikikimbia. Hakuinua uso. Alikuwa bibi harusi wa mwaka huo, mambo mengine alikuwa hajayafikia. Mwanaiddi yeye alikuwa ameyafikia na kuyapita, na hapo ndipo aibu yote ilipokuja kukaa baadaye.

Maana alijua. Asubuhi ile ya Ijumaa alijua kila kitu. Josephina aliingia amejifunga khanga mbili juu ya gauni pana, mkono mmoja umeshika tumbo kwa namna ambayo mwanamke hashiki tumbo la njaa. Alitaja vitu vyake kwa sauti ndogo, na vitu vile, vikikaa pamoja, hakuna mwanamke Mpanda asiyevijua: ndivyo manesi wanavyowaambia wajawazito waende navyo siku ya kujifungua. Mwanaiddi alipomaliza kukata, Josephina alisema, “Mama, nifungie kwenye gazeti. Gazeti kote, pasionekane kitu.” Na Mwanaiddi alifunga gazeti kote. Hakuuliza. Alisema moyoni, Mola amfungue salama, na macho yao yalipokutana yalielewana, yakaachana. Angeulizwa siku ile angesema yeye ni kaburi.

Lakini siku mbili zilikuwa zimepita na duka lilikuwa limepokelewa vizuri. Alikuwa anaitwa mama mwenye duka. Alipokuwa anamtajia Sabrina vile vitu, hakumwona Josephina wala tumbo lake. Aliona rafu zake. Khanga, flana, mpira. Aliona jinsi watakavyosoma watu na kusema, kumbe kwa Mama Farhan kuna kila kitu.

“Sikiliza sasa,” Sabrina alisema, akasoma.

“‘Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu. Mimi Mama Farhan. Ijumaa nilikaa mlangoni roho juu, nikisema nani atanifungulia duka. Akaja Josephina wa Kakese, mke wa Venant. Akachukua khanga doti mbili, flana nyeupe na mpira wa kutandika. Mwanangu, mkono wako ni mwepesi, tangu umetoka wewe watu hawajakatika. Simon fundi akaja akabeba bitana. Dada Iman akachukua vitenge vya sare. Wote sijawasahau, mmenifuta machozi ya mzee. Karibuni tena, kitambaa kipo na maneno mazuri yapo.’”

Hapo kwenye machozi ya mzee Mwanaiddi alijifuta jicho kwa kiganja. Yalikuwa maneno yake hasa, kama Sabrina alikuwa ameyachota kifuani mwake na kikombe.

“Tuma,” alisema.

Sabrina akatuma kwenye kundi la kikoba, na kwa kuwa aliyapenda maneno yale, akayaweka na kwenye stetasi ya simu ya mama mkwe wake.

Majibu yalianza kuingia kabla Mwanaiddi hajatia maji ya udhu wa magharibi kwenye birika. Yalikuwa mazuri. Hongera Mama Farhan. Mungu azidishe. Simon fundi alituma sauti yake akijisifu kuwa bitana ile ndiyo inaenda kumshonea diwani suti, na watu wakamtania kwamba diwani gani huyo asiyejua ana suti. Mwanaiddi alienda kuswali akiwa mwepesi.

Aliporudi, Sabrina alikuwa amekaa palepale kwenye stuli, lakini hacheki.

“Mama, njoo uone.”

Mmoja wa wanawake wa kikoba alikuwa ameandika, “Josephina huyu wa Venant? Flana na mpira? Haya jamani, Mungu mkubwa.”

Chini yake mwingine, “Kumbe Kakese tunatarajia mgeni na hatuambiwi.”

Na mwingine, “Safari hii awe makini, zile mbili zilivyotoka tuliumia wote.”

Na mwingine alikuwa ametuma sauti. Sabrina hakuigusa. Mwanaiddi alinyoosha kidole akaigusa mwenyewe, maana aliona ni haki yake kusikia. Sauti ya mwanamke ilisema kwa furaha, kuku wakilia nyuma yake, kwamba ndiyo anakimbia kwa Mama Venant sasa hivi kumpa hongera, maana mkwewe ni mtu wa kujificha kama panya, na Mama Farhan ashukuriwe aliyewafumbua macho.

Mwanaiddi alikaa chini. Hakukuwa na stuli nyingine, alikaa juu ya jora la shuka. Uso ulimwaka kuanzia shingoni kupanda juu, kama mtu aliyeinamia mvuke wa sufuria. Gazeti, alijisemea. Alisema gazeti kote.

“Futa,” alisema.

“Nafuta kwa wote, mama. Ila itabaki imeandikwa ujumbe umefutwa. Wataanza kuuliza ulikuwa unasema nini, na waliosoma watawaambia.”

“Futa, Sabrina.”

Sabrina akafuta. Akatoa na kwenye stetasi. Dakika hiyohiyo mtu mmoja akauliza, “Mbona kafuta? Kuna nini?” na mwingine, ili kumsaidia, akarusha skrinshoti ya maneno yote kama yalivyokuwa, na alama ya mikono inayopiga makofi.

Sabrina alianza kulia. “Ni mimi, mama. Ni mimi niliyesema utaje.”

“Wewe hukumwona,” Mwanaiddi alisema. “Uliandika nilichokutajia. Jina lilitoka kinywani kwangu mimi, niliyemfungia gazeti. Nyamaza.”

Usiku ule aliswali na sijda zake zilikuwa ndefu, lakini kila alipogusa mkeka kwa paji la uso aliliona lile neno alilolipenda mwenyewe: mkono wako ni mwepesi. Tangu Lukmani afariki alizoea kuomba kwa kujihurumia, na Mungu alikuwa anamsikiliza. Leo hakujua aanzie wapi. Ukimkosea Mungu unamwambia Mungu. Binadamu lazima uende kwake.

Hata hivyo hakwenda kesho yake. Alijiambia duka haliwezi kufungwa siku ya nne tu. Keshokutwa yake alijiambia mvua imeharibu barabara. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na kila mteja aliyeingia akisema “Mama Farhan, ulitupa habari njema” alikuwa anamwongezea jiwe. Mwanamke mmoja aliomba akatiwe flana, akacheka akisema, “Mimi usinitaje lakini, mume wangu hajui.” Alikuwa anatania. Mwanaiddi alikata ile flana ikaenda upande, akalazimika kumpa nyingine.

Siku iliyofuata alifunga duka saa za mchana, akavaa baibui, akasimamisha bodaboda ya Doto, kijana wa kijiwe cha pale kona, mwenye maneno mengi.

“Kakese kwa nani, mama?”

“Kwa Mama Venant.”

“Aa, kwenye mimba ya gazeti,” Doto alisema, akiwasha.

Mwanaiddi alikuwa anapanda, mguu mmoja juu. “Gazeti gani?”

“Si ndiyo wanavyosema. Kwamba umewapiku magazeti, mama. Habari unazo kabla ya mwenyewe.” Akamwangalia kwenye kioo, akaona uso wake, akatia gia. Mbele kidogo akasema, “Utani tu, mama. Shika hapo nyuma, kuna shimo.”

Mwanaiddi alishika. Hakuachia mpaka Kakese.

Mama Venant, jina lake la ubatizo Agatha, alikuwa anapepeta mchele uani. Alipomwona mgeni aliweka ungo chini, akamjia mikono wazi, akamkumbatia. Hilo ndilo Mwanaiddi hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Njiani alikuwa ameyapanga matusi yenyewe na namna atakavyoyapokea.

“Karibu, Mama Farhan, karibu sana. Bila wewe ningezikwa bila kujua naitwa bibi. Josephina, leta kiti. Josephina. Haji huyu, siku hizi anajifungia. Nikae nimlaumu? Mimi mama mkwe wake nasikia habari kwa kuletewa na jirani kwenye simu. Nimelia, nakwambia. Nimelia kwa furaha, halafu nikalia kwa hasira. Nimeshawaambia wote, hata wa Mpimbwe kwetu wameambiwa. Padre nimemwambia atuombee. Sasa ningefichiwa mpaka lini?”

“Mama Venant,” Mwanaiddi alisema, “mimi nimekuja kuomba radhi.”

“Radhi ya nini? Umetenda jema.”

“Sikutenda jema. Mkweo alikuja kwangu na siri yake nikaianika.”

“Siri ya nini, mtoto ni wa ukoo.” Agatha alicheka, akaketi, akavuta ungo tena. “Kaa unywe uji.”

Mwanaiddi alikaa akanywa uji. Kushukuriwa kwa jambo lile kulikuwa kubaya kuliko kutukanwa, maana kwenye matusi angalau kuna mtu anayekubaliana na wewe. Mlango wa ndani ulikuwa umefungwa pazia, na chini ya pazia aliiona miguu miwili imesimama, haitoki, haiondoki. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba vifundo.

Alipoaga, Agatha aliita, “Josephina, basi msindikize mgeni, angalau uonekane una adabu.”

Hapo pazia likafunguka. Kumsindikiza mgeni si jambo la kukataliwa. Hata aliyenuna anamsindikiza mgeni. Josephina alitoka amejifunga khanga kichwani mpaka kwenye nyusi. “Shikamoo,” alisema bila kuinua macho.

“Marahaba, mwanangu.”

Walitembea hadi walipoacha nyumba nyuma, kwenye njia ya majaruba ya mpunga. Doto alikuwa mbali barabarani amelalia pikipiki yake. Mwanaiddi alisimama.

“Nilikuona,” alisema. “Siku ile dukani nilikuona, nikaelewa. Sina la kusema kwamba sikujua. Nilijua, halafu nikaona duka langu kuliko wewe. Nisamehe.”

Josephina alivunja bua la mpunga, akawa analichana na kucha.

“Wa kwanza alivyotoka,” alisema, “walikuja na unga. Wakakaa hapa uani. Wa pili alivyotoka walikuja walewale, na unga uleule, wakaniangalia. Mama mkwe anapenda watu, si mbaya. Ila kila mmoja alikuwa na neno. Huyu anasema nilibeba maji, huyu anasema nilimkosea mtu. Safari hii nikasema, kama ni kulia nitalia peke yangu. Venant mwenyewe yuko machimboni, nilimwambia baada ya miezi mitano, nikamwapisha.” Akatupa bua. “Sasa wamenihesabia miezi kuliko mimi. Juzi ilikuwa siku yangu ya kliniki.”

“Ulienda?”

“Niende nikakae kwenye benchi na nani? Benchi lote ni wale wa kwenye kundi lenu.”

Hilo Mwanaiddi hakuliwaza. Siku zote zile alikuwa ameiwaza aibu yake mwenyewe, jina lake, duka lake, swala zake. Hakuwaza kwamba kuna benchi la mbao kwenye kituo cha afya na mtu ambaye hakukaa juu yake.

“Nitaandika tena,” alisema haraka. “Nitaandika kwenye kundi niombe radhi mbele ya wote. Niseme nilikosea, watu waache.”

Kwa mara ya kwanza Josephina alimwangalia machoni.

“Usiniandike tena, mama. Hata kuniomba msamaha usiniandike. Ukiandika, wataisoma upya kuanzia juu.”

Mwanaiddi alielewa kwamba alikuwa ameutaka ule msamaha wa hadharani kama mtu anavyotaka kuoga. Watu wangemwambia, Mama Farhan una moyo. Na huyu angebaki na matope yote peke yake.

“Sawa,” alisema. “Siandiki.”

Ndege wa mpunga waliruka wote kwa pamoja wakatua jaruba la pili.

“Pale kwangu,” Mwanaiddi alisema, “na kituo cha afya ni njia moja. Kesho asubuhi njoo dukani. Mtu akikuona barabarani, unakwenda kwa Mama Farhan kuchagua khanga. Mama mkwe wako akiuliza, mwambie mimi nimekuita, nina deni la nyongeza. Tutatoka wote. Kwenye benchi nitakaa mimi upande wa watu. Mwenye la kuuliza ataanza na mimi.”

“Na duka?”

“Duka litafungwa.”

Josephina alisema, “Ufike salama,” akageuka.

Jioni ile Sabrina aliuliza kama waache kabisa, wasiandike chochote. Kwenye kundi watu walikuwa bado wanasema, mbona Mama Farhan alifuta shukrani, au amekasirika? Simon fundi alikuwa analalamika kwamba jina lake limepotea bila kosa.

“Shukrani si za kufutwa,” Mwanaiddi alisema. “Waliokuja walikuja. Tuandike.”

“Turudi kwenye ya uongozi? Ile haina jina la mtu.”

Mwanaiddi alikiokota kipande cha boksi, kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa meza kuizuia isiyumbe. Alikisoma. Kweli, hakikumdhuru mtu. Lakini hakikumshukuru mtu pia.

“Hapana. Andika ninavyosema, na nikitaja mtu, nizuie.”

Alianza mara nyingi. Alisema, “Kuna mmoja alikuja asubuhi sana,” akajizuia mwenyewe: hata hiyo wataijua. Alisema, “Wa kwanza Mungu ambariki,” akaitoa. Alijikuta anatafuta kitu cha kumshukuru kila mtu ambacho si kile alichokibeba. Ikambidi akumbuke upya siku ile yote, na safari hii hakutazama rafu, alitazama watu. Walivyosimama. Walivyomngoja. Mwishowe Sabrina akasoma:

“‘Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi Mama Farhan. Mlikuja siku ya kwanza nikiwa sijui hata fimbo inashikwaje, mkanisubiri. Nilikata kitambaa mkono unatetemeka, hamkunicheka. Wengine mlimkumbuka mzee Lukmani mkamwombea, nimesikia. Sitamtaja mtu, na mnisamehe mliopenda kutajwa. Mkiingia kwangu, mnachochukua ni chenu na nikifunga nimefunga. Asanteni sana.’”

Sabrina alishusha simu. “Ya kwanza ilikuwa tamu zaidi,” alisema kwa upole.

“Ndiyo. Tuma hii.”

Majibu yalikuwa machache. Mikono ya kushukuru, hongera mbili tatu. Simon aliandika, “Mimi sijafungwa, mimi nitajeni tu,” watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea.

Asubuhi Mwanaiddi alifungua mapema. Alifagia, akanyunyiza maji kuzuia vumbi, akakaa mlangoni na tasbihi kama alivyokaa ile Ijumaa, ila safari hii hakuomba mteja. Walipita wauza maandazi, wakapita wanafunzi. Mteja alikuja kuuliza pazia, akamhudumia huku jicho liko barabarani. Jua lilipanda juu ya mabati ya nyumba ya pili. Alianza kujiambia kwamba hatakuja, na kwamba ana haki ya kutokuja.

Akaja. Alikuwa kwa miguu kutoka alipoteremkia, gauni lilelile pana, mfuko wa khaki mkononi. Aliingia, akasalimia, akauweka mfuko juu ya meza ya kukatia.

“Mama, hivi nakurudishia.”

Mwanaiddi alichungulia. Ulikuwa ni ule mzigo alioufunga mwenyewe, gazeti kote, haujafunguliwa hata pembe moja. Alidhani ndiyo mwisho wa maneno, kwamba msichana amekuja kumrudishia mauzo yake ya kwanza.

“Sivirudishi moja kwa moja,” Josephina alisema alipouona uso wake. “Niwekee. Kwetu mama mkwe amevitafuta mara mbili awaonyeshe majirani, nimevificha mpaka nimechoka. Vitu vya mtoto ambaye hajaja vikionekanaonekana mimi naogopa. Viweke hapa. Siku ikifika nitamtuma mtu. Isipofika…” Hakumalizia.

“Viko hapa,” Mwanaiddi alisema. “Ikifika na isipofika, viko hapa.”

Alipanda stuli akauweka ule mzigo rafu ya juu kabisa, nyuma ya majora ya shuka nyeupe, ukabaki ncha tu ya gazeti. Akashuka, akafunga mlango wa duka na kufuli, akaning’iniza kipande cha boksi alichoandika “Narudi” upande wa nyuma wa lile tangazo la uongozi.

Njiani hadi kituo cha afya walitembea taratibu kwa sababu ya vile vifundo. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake watano au sita, na wawili walikuwa wa kikoba, na wote wawili waliinua vichwa kwa pamoja. Mwanaiddi aliketi upande wao, akamweka Josephina ukutani.

“Mama Farhan,” mmoja alianza, akitabasamu, “na wewe tena huku? Umeleta habari gani leo?”

Mwanaiddi alihisi uso unawaka, kuanzia shingoni, kama ile jioni. Aliuacha uwake.

“Leo sina habari,” alisema. “Nimekaa tu.”

Yule mwanamke alingoja kidogo. Alipoona hakuna kinachoongezwa, aligeukia jirani yake, wakaanza kuongea mambo ya mvua. Josephina alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, mkono tumboni. Nesi aliita jina la kwanza, halikuwa lake. Wakasogea wote nafasi moja kwenye benchi.